Ndengu Zimekauka, Benki Iko Macho

Benki inapokukopesha, unakuwa mtu mkubwa. Afisa wa mikopo anakuja mwenyewe mpaka dukani kwako hapa Kambu, anakuita bosi, anapiga picha akiwa mbele ya mabati yako, anamsifu hata mbwa anayelala chini ya toroli. Sasa mwandikie mtu huyohuyo umwambie kwamba rejesho la kila mwezi limeanza kukukaba koo. Unageuka "mteja wetu mpendwa", na ujumbe wako "umepokelewa na unashughulikiwa". Bosi amezikwa, mteja mpendwa amezaliwa.

Mimi nauza hadwea. Saruji, nondo, mabati, misumari, na mipira ya maji ambayo watu wa huku huikimbilia kila kunapozuka uvumi kwamba kuna kisima kinachimbwa. Duka langu liko kando ya barabara kuu ya Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei, mahali ambapo malori yanapita usiku kucha na kutuachia vumbi. Tangu 2017 tunapitwa na treni pia, nayo haituachii hata vumbi. Lakini sitayalaumu magari wala treni, maana dereva wa lori hanunui mabati. Wateja wangu ni wakulima, na mkulima wa Makueni hujenga kwa ndengu na mbuzi. Mvua tunayoitegemea ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ikinyesha mpaka mwisho, baada ya mavuno watu wana pesa na kila kijiji kinapaua. Ikikatika ndengu zikiwa kwenye maua, kama ilivyokatika msimu huu, mkulima anauza mbuzi anunue unga, na habari ya mabati inasubiri Mungu.

Mkopo wenyewe ni wa kawaida. Milioni moja na nusu, miezi 36, riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayopigwa kwenye salio linalopungua, rejesho Sh54,229 kila tarehe 5. Nimelipa 14 bila kuchelewa. Salio ni Sh1,009,789 na yamebaki marejesho 22. Mtu akiniuliza kwa nini riba haijashuka ilhali kiwango cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 13 Februari 2024 na kufikia Juni 2025 kilikuwa 9.75, namwelekeza akaulize kwingine. Huku kwetu vitu vinavyopanda Nairobi hufika kwa basi la usiku, na vinavyoshuka huja kwa miguu.

Nilipotangaza nyumbani kwamba nitaiandikia benki kuomba mkopo upangwe upya, washauri walijitokeza wengi kuliko wanunuzi. Wa kwanza alikuwa shemeji, ambaye hajawahi kukopa benki lakini anazijua zote. Yeye alisema nikae kimya. "Ukiandika, umejitangaza. Kesho dalali yuko mlangoni na nyundo." Nilimweleza kwamba dalali haji kwa kuitwa na barua ya mteja. Ukishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka benki ikupe kwanza notisi ya miezi mitatu, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza kiwanja kilichowekwa dhamana. Shemeji alikuna kidevu akasema hizo ni sheria za Nairobi.

Akaongeza kwamba kuomba kupangiwa upya ni aibu. Hapo nilicheka. Machi 2020, corona ilipobisha hodi, Benki Kuu ilizifungulia benki mlango wa kupanga upya mikopo ya watu walioumia, na ikasema gharama ya kufanya hivyo ibebwe na benki zenyewe. Dirisha hilo lilipokaribia kufungwa mapema 2021, mikopo iliyokuwa imepangwa upya ilifika shilingi trilioni 1.7, zaidi ya nusu ya mikopo yote ya benki nchini. Kama ni aibu, basi tuliaibika pamoja na wenye hoteli za ufuoni, wenye shule na wenye majumba ya kupangisha Nairobi. Mimi na saruji yangu hatuwezi kuwa kioja.

Mshauri wa pili ni kijana wa saiba. Huyu ana barua moja kwenye kompyuta yake ambayo huwaandikia watu wote: wanaoomba kazi, wanaoomba basari, wanaoomba msamaha kwa mkwe. Huanza "kwa unyenyekevu mkubwa natwaa fursa hii adhimu" na hufika kwenye shida ukurasa wa pili, msomaji akiwa ameshakwenda kula. Kwangu alipendekeza tuanze na historia ya marehemu baba na jinsi ukame unavyotutesa watu wa Ukambani. Nilimwambia afisa wa mikopo ana ukame wake: ana mafaili ya watu wenye shida mpaka juu ya dirisha, na hakuna hata moja lisilotaja mvua.

Kisha kuna jambo ambalo kijana wa saiba halijui na shemeji halitaki. Barua ile haimwendei afisa. Afisa anaipokea tu. Yeye hana uwezo wa kubadilisha hata rejesho moja. Lazima aandike maelezo ayapeleke kwa kamati ya mikopo, na wanakamati hawajawahi kuiona Kambu isipokuwa kupitia kioo cha basi. Kwa hiyo barua nzuri ni ile ambayo afisa anaweza kuinakili sentensi kwa sentensi na kuibandika kwenye fomu yake bila kufikiri sana. Ukimpa hadithi, itabidi aisome, aielewe, aifupishe, atafute tarakimu zilikojificha. Atafanya hivyo Ijumaa. Ijumaa ipi, hasemi.

Nikaanza na kalenda, kwa sababu kalenda ndiyo inayouma kabla ya tarakimu. Kanuni za Benki Kuu zinaipanga mikopo kwa madaraja kulingana na siku ulizochelewa. Mpaka siku 30 mkopo wako bado ni wa kawaida. Kuanzia 31 hadi 90 unawekwa chini ya uangalizi. Ukipita 90 unaitwa duni, na jina lako linaanza kunuka kwenye CRB. Lakini kinachomkosesha afisa usingizi ni kwamba kwa kila daraja benki lazima itenge pesa zake kando kwa hofu kwamba hutalipa: asilimia 1 kwa mkopo wa kawaida, 3 kwa ulio chini ya uangalizi, 20 kwa ulio duni. Kwa salio langu, hiyo ni kutoka kama Sh10,000 hadi Sh30,000, halafu ghafla zaidi ya laki mbili. Kwa maneno mengine, siku ya 91 mimi nakuwa mzigo kwa meneja pia, na meneja mwenye mzigo hana mazungumzo matamu. Mtu anayeandika akiwa hajachelewa anaongea na benki ambayo bado ina sababu ya kumsikiliza. Ndiyo maana niliandika kabla ya kukosa hata rejesho moja, jambo ambalo shemeji aliliita kiherehere.

Sasa tarakimu. Hapa ndipo washauri walijaa, kila mmoja na kikokotoo.

Kitu cha kwanza benki inachotaka kujua ni unauza kiasi gani. Sehemu ya wateja wangu hulipa kwa tili ya M-Pesa, wengine huleta pesa taslimu ambazo nazipeleka benki, na wachache wa miradi hutuma moja kwa moja kwenye akaunti. Kwa miezi sita iliyopita, Septemba hadi Februari, tili iliingiza wastani wa Sh390,000 kwa mwezi, na stetimenti ya benki ilionyesha zimeingia Sh560,000. Shemeji alijumlisha upesi: Sh950,000! Akapiga meza. "Andika hiyo. Wakuogope."

Lakini Sh310,000 kati ya zile zilizoingia benki zilitoka kwenye tili yangu mwenyewe. Mimi huhamisha pesa kutoka tili kwenda benki kila jioni ili nisilale nazo. Ni shilingi ileile imepita milango miwili, na shemeji ameihesabu kila mlangoni. Ukizitoa, benki inabaki na Sh250,000 mpya, ukijumlisha na za tili unapata Sh640,000. Hayo ndiyo mauzo. Afisa mwenye macho huliona kosa hilo kwa dakika mbili, kwa sababu kwenye stetimenti kila uhamisho unaonyesha umetoka wapi. Akishaliona, hataamini tarakimu nyingine yoyote kwenye barua, hata tarehe. Na hata asingeliona, mtu anayeuza Sh950,000 kwa mwezi analilia nini?

Kosa la pili lilitoka kwa kijana wa saiba, ambaye alitaka tulinganishe mauzo ya Februari na ya Agosti. Hadwea haiendi hivyo. Biashara inayofuata mavuno lazima ilinganishwe na msimu wake: Septemba hadi Februari ya sasa na Septemba hadi Februari ya mwaka uliotangulia. Mwaka uliotangulia wastani ulikuwa Sh820,000. Sasa ni Sh640,000. Hapo mtu yeyote, hata wa kamati, anaona kilichotokea bila kuelezwa maua ya ndengu.

Halafu mauzo si pesa ya kulipia mkopo. Hili nimelirudia nyumbani mpaka watoto wamelikariri. Katika kila Sh100 ninazouza, Sh85 ni za aliyeniuzia mzigo. Faida ghafi ni 15. Kwa Sh640,000 hiyo ni Sh96,000. Toa kodi ya duka, mishahara ya vijana wawili, stima, usafiri na leseni ya kaunti, jumla Sh46,000. Zinabaki Sh50,000, na rejesho ni Sh54,229.

Pengo ni Sh4,229. Shemeji aliposikia hivyo alidharau: "Kelele zote hizi kwa elfu nne?" Ndiyo, kwa elfu nne. Kwa sababu elfu nne hizo hazitoki mbinguni, zinatoka rafuni. Unalipa benki, halafu unaagiza mzigo pungufu kidogo. Mteja anakuja kutafuta nondo za milimita 12, hazipo, anakwenda Kibwezi, na akishafika huko ananunua saruji na misumari hukohuko. Mwezi unaofuata mauzo yamepungua na pengo limekuwa pana. Rafu zangu zilikuwa na mzigo wa Sh1,050,000 na sasa ni Sh900,000. Duka linaliwa na mkopo ulioletwa kulilisha, na ukipita nje huoni kitu, maana makopo ya rangi yamepangwa mbele kwa ustadi.

Mzigo mwingine umekwenda na mkandarasi mmoja. Huyu alichukua saruji na mabati kwa ajili ya mradi wa umma, akaahidi atalipa akilipwa. Hajalipwa, au anasema hajalipwa. Mimi naona gari lake limepata matairi mapya. Anadaiwa Sh240,000, zaidi ya siku 90 sasa. Mama watoto alitaka tusilitaje deni hilo, benki isije ikajua tunakopesha watu wasiolipa. Lakini deni lisilotajwa litaonekana tu kwenye hesabu, na likionekana kabla hujalitaja, linaitwa siri. Nililitaja, na nikaongeza kwamba sijalihesabu ndani ya ile elfu hamsini. Akilipa, ni bahati. Asipolipa, mpango bado unasimama.

Mama watoto ndiye aliyekuwa mhariri wa mwisho. Yeye ni mwalimu, na kalamu yake nyekundu haina huruma. Alifuta "kwa unyenyekevu mkubwa". Alifuta pia sentensi yangu nzuri sana kuhusu jua la Kambu. Kilichobaki ndicho hiki. Benki niliitumia kwa Kiingereza chake cha tai. Hapa nakiweka kwa lugha ya watu.

"Mada: Ombi la kupanga upya mkopo wa biashara, akaunti inayoishia 417, Kambu

Kwako Meneja wa Mikopo,

Naomba mkopo wangu upangwe upya hivi: miezi 3 ya kwanza nilipe riba pekee, Sh15,147 kwa mwezi, kisha nilipe Sh35,761 kwa mwezi kwa miezi 37. Riba ibaki asilimia 18 na dhamana ibaki ileile.

Hali ya mkopo: salio Sh1,009,789. Marejesho yote 14 yamelipwa kwa wakati.

Sababu: mauzo ya wastani kwa mwezi, Septemba hadi Februari, yameshuka kutoka Sh820,000 mwaka uliotangulia hadi Sh640,000, baada ya mavuno ya ndengu kukosekana. Mteja mmoja anadaiwa Sh240,000 zilizopita siku 90.

Uwezo wa kulipa: faida ghafi Sh96,000, gharama za duka Sh46,000, hubaki Sh50,000. Rejesho la sasa ni Sh54,229. Kwa ratiba mpya, kinachobaki kitakuwa mara 1.4 ya rejesho.

Hatua nilizochukua: nimesimamisha kuuza kwa deni, nimepunguza bidhaa zinazokaa na kuongeza zinazotoka haraka, mdaiwa amesaini kulipa Sh20,000 kwa mwezi, na pesa hizo sikuzihesabu hapo juu.

Nimeambatisha stetimenti za benki na za tili za miezi 18, jedwali la mauzo lililoondoa uhamisho wa tili kwenda benki, orodha ya mzigo na orodha ya wadaiwa. Naweza kuja tawini siku yoyote wiki hii."

Basi. Inaingia kwenye simu bila kuvuta sana kwa kidole. Ombi liko juu kabisa, kwa sababu kuna mabosi wasiofika mstari wa nne.

Kijana wa saiba aliisoma akasikitika. "Mzee, hii haina hisia." Nikamwambia hisia ziko kwenye ile mara 1.4. Benki hupenda kuona kwamba ukishatoa gharama zote unabaki na kiasi kinachozidi rejesho, angalau robo hivi, ili mwezi ukiwa mbaya usianguke. Ukiomba rejesho linalokula kila kitu unachobakiza, unaomba kurudi tena baada ya miezi mitatu, na kamati inajua. Ukiomba dogo mno, watauliza pesa nyingine unapeleka wapi.

Ile miezi mitatu ya riba pekee nayo ilizua maswali. Shemeji alidhani nasubiri mvua ya Machi. Mimi mvua ya Machi naijua. Huku kwetu huja ikiwa imechoka. Elfu hamsini yangu ni hesabu ya msimu mbaya, kwa hiyo mpango hauna haja ya wingu. Miezi mitatu ni ya kujaza rafu. Nikilipa Sh15,147 badala ya Sh54,229, kwa kila mwezi zinabaki karibu Sh35,000 za kurudisha mzigo, jumla kama laki moja. Hizo nondo za milimita 12 zitarudi nyumbani.

Na hakuna aliyeniambia kwamba nafuu hii inauzwa. Nilipiga hesabu mwenyewe usiku, mbwa peke yake akiwa macho. Kwa ratiba ya zamani, marejesho 22 yaliyobaki ni kama Sh1,193,000. Kwa ratiba mpya nitalipa kama Sh1,368,600. Tofauti ni Sh175,600 hivi, ambazo ni riba ya kukaa na pesa za watu muda mrefu zaidi. Nilimwonyesha mama watoto. Aliangalia kwa muda, akasema, "Na ukibaki na ratiba ya zamani, duka litakuwepo mwezi wa 22?" Mwalimu akikuuliza swali la namna hiyo, unajua jibu lake limeandikwa nyuma ya kitabu.

Nilituma. Jibu la mashine lilikuja papo hapo, la kumshukuru mteja mpendwa. Jibu la mtu lilichelewa kidogo. Wakati huo tarehe 5 ikafika, na shemeji akaniambia nisilipe maana "si umeshaandika?" Kuandika si kukubaliwa. Mpaka utie saini kwenye barua mpya ya mkopo, ratiba ya zamani ndiyo sheria, na kila siku unayochelewa inahesabiwa. Nililipa Sh54,229 nzima, nikinung'unika kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza mitumba. Salio likashuka kidogo, ikabidi nimwandikie afisa tena nimpe tarakimu mpya kabla hajaziona zimepishana.

Afisa alipiga simu. Alikuwa na maswali ya busara, nikashangaa. Aliuliza nyumbani tunakula nini kama duka likilipa rejesho linabakiwa na Sh14,000. Nikamwambia mke wangu ni mwalimu na chakula kiko kwenye mshahara wake. Akaomba slipu yake ya mshahara. Hapo nilimpa mama watoto simu, wakaongea wenyewe. Sikusikia yote, ila nilisikia neno "haiwezekani" likitumika mara kadhaa, na baadaye slipu haikuombwa tena. Aliuliza pia kwa nini sikuomba kupunguziwa riba. Nikamwambia kwamba bei ya mkopo huamuliwa mbali na muda huamuliwa karibu, na mimi nina haraka. Alicheka kicheko cha mtu anayejua ni kweli lakini simu inarekodiwa.

Barua mpya ya mkopo ilipokuja, ilikuwa na kurasa nyingi kuliko ombi langu mara kadhaa, na katika ukurasa ambao hakuna mtu husoma palikuwa na ada ya kupanga upya: asilimia 2 ya salio. Corona ilipokwisha, ukarimu nao ulirudi kwao. Ada ni kama elfu ishirini. Lakini maandishi madogo yalisema itaongezwa kwenye mkopo, na hapo ndipo nilipovaa miwani. Ikiongezwa kwenye mkopo, rejesho linapanda kwa kama Sh690 kila mwezi, na riba inaanza kuila ada yenyewe. Ukifika mwisho, ada ya elfu ishirini umeilipia zaidi ya elfu ishirini na sita. Niliuliza kama naweza kuilipa taslimu mara moja. Kimya kirefu. Kisha: ndiyo, ila hakuna anayeulizaga.

Niliuza mabati ya watu wa kanisa wiki hiyo, nikailipa. Halafu nikasoma tena ukurasa kwa ukurasa kuhakikisha kwamba salio lililoandikwa ni lile la baada ya rejesho langu la mwisho, kwamba ni miezi 3 na 37, na kwamba hakuna riba ya adhabu iliyojipenyeza kwa makosa ambayo sikuyafanya. Nikatia saini. Afisa aliniita bosi tena. Sikumjibu kwa jina hilo, nilimwambia ahsante mwanangu.

Sasa habari katika mji mdogo haziendi kwa miguu. Juzi mkandarasi wangu, yule wa matairi mapya, alinitumia ujumbe saa nne usiku: "Mzee, nasikia benki imekuongezea muda. Mungu ni mwema. Nami naomba ile elfu ishirini ya kila mwezi uifanye elfu tano, hali ni ngumu, mvua hakuna."

Nimemjibu kwamba ombi lake limepokelewa na linashughulikiwa. Alete stetimenti za miezi 18, orodha ya wanaomdai, na risiti ya hayo matairi.